Kumbukumbu Nilizoandika Muleba

Nilikuwa mtunza kumbukumbu wa shirika letu kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka. Niliajiriwa kama karani wa mapokezi, katika ofisi ya vyumba vitatu mjini Bukoba. Shirika lilikuwa dogo. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea majumbani wagonjwa wasioweza kupona, wengi wao wazee. Muuguzi alienda na gari, akawapimia dawa ya maumivu, akawafundisha ndugu zao namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda. Katika kila eneo tulikuwa na wahudumu wa kujitolea, watu wa kijijini hapo hapo, waliopita kwa miguu katikati ya ziara moja na nyingine. Vikao vya wafanyakazi vilipoanza kuongezeka, mkurugenzi aliniambia, "Wewe andika. Maandishi ya wenzako mimi siyasomi."

Basi nikazoea. Kikao cha bodi kina fomu yake: waliohudhuria, yatokanayo, hoja imetolewa na fulani, imeungwa mkono na fulani, imepitishwa. Hata ukisinzia kidogo, fomu inakushika mkono.

Safari ya Muleba ilikuwa kitu kingine. Mkurugenzi alisema tunakwenda kukaa siku mbili nje ya ofisi, wafanyakazi, wajumbe watatu wa bodi na mwakilishi wa wahudumu kutoka kila eneo, tukafikiri juu ya miaka mitano ijayo. Alikuwa mwanamke wa makamo, muuguzi kwa taaluma, na siku hizo alikuwa amechoka hata macho yake yalionekana yamerudi ndani. Wauguzi wetu walikuwa watatu. Ajira za serikali zilipotoka, wawili wakaondoka ndani ya mwezi mmoja, na hakuna aliyewalaumu. Gari letu lilikuwa moja, na lilikaa gereji zaidi kuliko barabarani.

Tuliondoka asubuhi, mvua ikinyesha, kwenye hiace ya kukodi. Mwakilishi wa Rubafu, eneo letu la mbali, aliketi karibu nami. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mjane, mwenye kibanja cha migomba na kahawa, na alikuwa mhudumu tangu shirika lilipoanza. Alitoka Rubafu jana yake, akalala kwangu, mtaa wa Bilele mjini, ili asichelewe. Aliniletea kifurushi cha senene, wale panzi wa kwetu, waliokaushwa, tukawala njiani na kufika Kemondo kimeisha.

"Mwanangu," aliniuliza, "huko tunakokwenda tutapiga kura?"

"Sijui, mama. Nadhani tutazungumza tu."

"Kuzungumza naweza," alisema, akacheka.

Tulifikia hosteli ya kanisa, kilimani, ukumbi wenye madirisha makubwa yanayotazama migomba na ukungu. Mwezeshaji alikuwa ametoka Mwanza, kijana zaidi kuliko nilivyotarajia, mpole, mwenye sanduku la kadi za rangi na kalamu za maka. Kabla ya sala ya kufungua aliniita pembeni.

"Wewe ndiye katibu? Nisikilize vizuri. Hiki si kikao cha bodi. Hapa hakuna hoja, hakuna kuungwa mkono, hakuna kura. Usiandike nani kasema nini. Wakijua majina yao yanaandikwa, watasema yale tu wanayofikiri mkurugenzi anataka kuyasikia. Andika dhamira zilizojitokeza, na mwishoni vipaumbele tulivyokubaliana. Kilichobaki bila majibu tutakiweka kwenye ile karatasi pale."

Akanionyesha karatasi kubwa ukutani iliyoandikwa YASUBIRI.

Nilimwelewa, na niliona kuwa anasema kweli. Nilikumbuka vikao vya ofisini ambapo dereva alikaa miezi bila kusema breki zina matatizo kwa kuogopa jina lake kuandikwa.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Watu walisema mambo ambayo sijawahi kuyasikia. Mchana, baada ya chakula, mwezeshaji alituuliza ni kitu gani cha kazi yetu ambacho kikitoweka leo mtu atalia. Yule mama wa Rubafu akasimama. Alianza kwa Kiswahili, kikamwishia, akahamia Kihaya, na hakuna aliyemzuia kwa kuwa karibu wote tulikuwa Wahaya. Alisimulia habari za mzee mmoja wa kijijini kwao mwenye saratani iliyoingia kwenye mifupa. Kabla muuguzi hajaanza kufika, alisema, mzee yule alikuwa akilia kwa maumivu mpaka majirani wakahamishia watoto wao nyumba za mbali. Mkewe alikuwa akijiziba masikio kwa mikono huku anapika. Siku ya kwanza alipopewa ile dawa ya maji, akalala. Mkewe akadhani amekufa, akatoka nje kupiga yowe, majirani wakaja mbio, kumbe mzee amelala usingizi wa kweli.

"Aliamka jioni akaomba ndizi," mama alisema. "Alikula, waitu, jamani. Akanitazama akaniambia, nilikuwa nimesahau kuwa mimi ni mtu."

Mjumbe mmoja wa bodi alitoa leso. Mkurugenzi alilia waziwazi, naye mwezeshaji, asiyejua Kihaya, alingoja mpaka mtu akamtafsiria.

Katika daftari langu niliandika: *Washiriki walitoa ushuhuda kuhusu thamani ya ziara za nyumbani.* Niliitazama sentensi ile. Ilikuwa sahihi, na ndivyo nilivyoelekezwa.

Baada ya chai zikaja kadi. Kila mtu aliandika mawazo yake, wazo moja kadi moja, tukabandika ukutani. Mama wa Rubafu alikuja kwangu kwa kuwa miwani yake ilibaki nyumbani.

"Niandikie: wagonjwa wa Rubafu wasiachwe."

Nikamwandikia kwa herufi kubwa. Kadi ya kijani.

Mwezeshaji akaanza kuzikusanya zinazofanana. Kadi ya mama aliiweka pamoja na nyingine nne au tano: muuguzi afike kila wiki, dawa za maumivu zisikatike, wahudumu wapewe mafunzo upya. Akasogea nyuma akazitazama.

"Hizi zote zinaongelea kitu gani? Tuzipe jina moja."

Watu walikuwa wamechoka, na harufu ya jikoni ilikuwa imeanza kuingia. Akanigeukia.

"Katibu, wewe umesikiliza kuliko wote. Unaona nini?"

Nikasema, "Ubora wa huduma."

"Safi sana. Iandike."

Nikaandika kwenye kadi ya njano, nikaibandika juu ya zile za kijani. Nilifurahi. Ni kweli kabisa, nilifurahi kama mtoto aliyepata jibu darasani. Ukingo wa kadi yangu ulifunika nusu ya kadi ya mama, na nilichokiona cha kadi yake kilikuwa neno WASIACHWE.

Kisha kila mmoja wetu akapewa vibandiko vitano vyekundu, vya duara, abandike kwenye jina la dhamira anayoona inatangulia. Mama akauliza kama anaruhusiwa kuvibandika vyote mahali pamoja.

"Ruhusa, mama," mwezeshaji akasema.

Akaenda ukutani taratibu, akavibandika vyote vitano kwenye kadi ya njano, kimoja baada ya kingine, akavikandamiza kwa kidole gumba. Ubora wa huduma uliongoza kwa mbali. Mama alirudi kiti chake akanishika goti.

"Tumeshinda," akaninong'oneza.

Siku ya pili tuligawanywa vikundi, kila kikundi kikapewa dhamira moja ya kuigeuza kuwa kipaumbele chenye maneno kamili. Ubora wa huduma ulikwenda kwa mkurugenzi, muuguzi aliyebaki na mjumbe mmoja wa bodi. Mama aliwekwa kikundi cha ushirikiano na vijiji. Hakuna aliyepanga vibaya. Tulihesabu moja mpaka nne kuanzia mlangoni.

Baada ya chakula cha mchana kila kikundi kilisoma. Mkurugenzi alisimama mbele na karatasi.

"Kipaumbele cha kwanza. Kuimarisha ubora wa huduma kwa kujikita katika maeneo tunayoweza kuyafikia kikamilifu."

Niliandika neno kwa neno. Nilipofika kwenye "kikamilifu" kalamu yangu ilisimama. Nadhani mwili ulielewa kabla ya akili.

Mama alinyoosha mkono. "Hayo maeneo tunayoyafikia, Rubafu imo?"

Mkurugenzi alikunja karatasi yake. "Mama, hilo ni la utekelezaji. Tutaliangalia tukirudi. Hapa tunaweka mwelekeo."

"Sawa," mama alisema. "Mimi nimeuliza tu."

Mwezeshaji alikwenda kwenye karatasi ya YASUBIRI akaandika: *Ufafanuzi wa maeneo ya huduma.* Kisha akauliza swali alilokuwa akiuliza kwa kila kipaumbele: "Kuna mtu ambaye hawezi kuishi na hiki kipaumbele kama kilivyoandikwa?"

Nilimtazama mama. Alikuwa akitafuta kitu kwenye mkoba wake. Nilitaka anitazame, ili nimfanyie ishara, sijui ishara gani. Mimi mwenyewe sikuwa mshiriki. Nilikuwa mwandishi, na mwandishi hanyooshi mkono. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Muuguzi alitazama meza.

"Basi tumekubaliana," mwezeshaji akasema, na watu wakapiga makofi.

Niliporudi Bukoba nilikaa siku mbili nikiandika. Nilikuwa na daftari na picha za kuta zote nilizopiga kwa simu. Kichwa, mahali, waliohudhuria, lengo, dhamira sita, vipaumbele vinne na nani atafuatilia kipi, yanayosubiri, hatua zinazofuata. Halafu nikaongeza sehemu ambayo haikuwepo kwenye mfano niliopewa. Niliiita *Ambayo hayakuafikiwa*. Chini yake niliandika: *Ilielezwa kuwa baadhi ya washiriki wanataka Rubafu itajwe wazi kuwa eneo litakaloendelea kuhudumiwa. Hakukuwa na makubaliano juu ya jambo hili.*

Mkurugenzi aliniita ofisini kwake. Karatasi zangu zilikuwa mbele yake, na aya ile ilikuwa imezungushiwa kalamu.

"Nisaidie. Haya yalitokea saa ngapi?"

"Siku ya pili, baada ya chakula. Yule mama aliuliza kuhusu Rubafu."

"Aliuliza. Alipinga?"

"Hapana. Lakini siku ya kwanza alisema mengi. Na kadi yake..."

"Kadi yake ilikwenda wapi?"

"Kwenye ubora."

"Nani aliipeleka huko?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Alikuwa ameshasahau ni nani aliyetoa lile jina. Alivua miwani akajisugua macho.

"Mwezeshaji aliuliza kama kuna asiyeweza kuishi nacho. Uliona mkono?"

"Hapana."

"Basi huwezi kuandika kwamba hakukuwa na makubaliano. Utakuwa umeandika kitu ulichokitamani wewe." Aliisukuma karatasi upande wangu. "Unafikiri mimi sipendi Rubafu? Mimi ndiye niliyefungua Rubafu. Nina muuguzi mmoja. Nikimpeleka kule siku nzima inakwisha barabarani, na wa hapa mjini wanakaa bila dawa. Niambie wewe nimwache nani, nami nitamwacha huyo."

Nilimpigia mwezeshaji simu Mwanza, nikiwa nimesimama kwenye korido. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Naelewa," alisema. "Lakini kanuni ni ile ile. Andika kilichokuwa ukutani. Kama jambo lilibaki wazi, liko kwenye Yasubiri, na umeliandika pale. Mtu akitaka kulirudia, atalikuta."

*Ufafanuzi wa maeneo ya huduma.* Nililisoma tena. Ungeweza kulisoma mara kumi usijue kwamba ndani yake kuna mzee aliyekuwa amesahau kuwa yeye ni mtu.

Nikaifuta sehemu ile. Nilibonyeza kitufe, aya ikapotea.

Rasimu ilitumwa kwa washiriki wote, wakapewa wiki moja ya kuleta masahihisho. Wengi waliipokea kwenye simu zao. Mama alikuwa na simu ya vitufe tu, basi nikampigia. Nilitaka nimsomee yote, na nilikuwa nimeamua kwamba tukifika kipaumbele cha kwanza nitamwambia, mama, hapa sema kitu, ukisema nitaandika kama sahihisho lako na hakuna atakayelifuta.

Mtandao ulikuwa unakatika. Nilisoma kwa sauti kubwa, naye akaitikia "ee, ee" kila baada ya sentensi.

"Kipaumbele cha kwanza," nilisoma. "Kuimarisha ubora wa huduma..."

"Ndicho tulichosema!" alinikatiza. "Hicho ndicho nilichobandika vile vyekundu vyangu."

"Kwa kujikita katika maeneo tunayoweza kuyafikia kikamilifu."

"Ee. Vizuri sana. Wakora, asante mwanangu, umeandika vizuri."

"Mama, una la kusahihisha?"

"Nisahihishe nini? Yule mzee niliyewasimulia amekusalimia. Nimemwambia kuwa kule Muleba tumelitanguliza jina lake."

Mlango wa mkurugenzi ulikuwa wazi, mita tatu kutoka nilipoketi. Ningeweza kutoka nje. Ningeweza kumpigia tena jioni kutoka nyumbani. Nilisema, "Msalimie sana, mama," na simu ikakatika yenyewe. Sikumpigia tena. Wiki ikapita. Kwenye safu ya masahihisho, mbele ya Rubafu, niliandika *Hakuna*.

Bodi ilikutana mwezi uliofuata kuidhinisha mpango mkakati. Hiki sasa kilikuwa kikao chenye fomu niliyoizoea. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu ambaye hakufika Muleba, alikuwa ameusoma mpango vizuri. Aliona kiambatisho cha maeneo, ambacho menejimenti ilikiandaa baada ya kurudi, na katika kiambatisho hicho Rubafu haikuwepo.

"Samahani mwenyekiti," alisema. "Watu wa Rubafu walishirikishwa?"

"Walikuwepo Muleba," mkurugenzi akajibu. "Mwakilishi wao yuko kwenye orodha ya mahudhurio."

Mwalimu akafunua kurasa, akaliona jina. Pale tu ndipo jina la mama lilipoandikwa katika kurasa zote kumi na moja.

"Na alikubali?"

Mkurugenzi alinigeukia. "Katibu atusomee."

Nikasoma. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo linanishangaza hadi leo. "Washiriki walikubaliana kwa pamoja kuimarisha ubora wa huduma kwa kujikita katika maeneo tunayoweza kuyafikia kikamilifu."

"Kwa pamoja," mwalimu alirudia.

"Ndiyo."

"Kuna aliyetoa mawazo tofauti?"

Nilikuwa na daftari langu la Muleba mapajani, limefungwa. "Kumbukumbu za aina hii hazionyeshi hivyo," nilisema. "Zinaonyesha dhamira na vipaumbele."

Aliniangalia juu ya miwani kwa kitambo. Naamini aliona kitu. Lakini angeuliza nini tena? Alirudisha karatasi mezani akasema basi, yeye hana pingamizi. Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono, ikapitishwa. Niliandika majina ya wote wawili, mtoa hoja na aliyemuunga mkono, kama fomu inavyodai.

Mimi na muuguzi ndio tuliotumwa Rubafu kufunga huduma za huko. Ilikuwa asubuhi, jua limewaka baada ya mvua, barabara ina utelezi, na gari likakwama mara mbili. Barua ya kusimamisha ziara ilikuwa kwenye bahasha ya kaki mapajani mwangu. Mama alikuwa ametutandikia mkeka sebuleni na kuweka sahani ya kahawa za kutafuna. Alifikiri tumekuja na dawa.

Muuguzi ndiye aliyesema. Alisema vizuri, kwa upole, kwa Kihaya. Kwamba ziara zinasimama. Kwamba wagonjwa watapewa barua za rufaa, na dawa zitachukuliwa hospitali mjini, ndugu wa mgonjwa waje kila baada ya wiki mbili. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Nani ameamua?" aliuliza.

"Bodi, mama. Kutokana na yale ya Muleba."

"Muleba nilikuwepo." Alinigeukia. "Wewe na mimi tulikuwepo."

"Ndiyo, mama."

"Zile karatasi unazo?"

Nilikuwa nazo. Sijui kwa nini nilizibeba. Nikazitoa.

"Nisomee pale niliposimama mimi. Pale niliposema habari za mzee."

Nilifunua ukurasa wa tatu. Muuguzi alitoka nje, akasema anakwenda kumwangalia dereva.

"Washiriki walitoa ushuhuda kuhusu thamani ya ziara za nyumbani," nilisoma.

Alingoja. "Endelea."

"Imeishia hapo, mama."

"Yote yale?"

"Ndiyo."

"Na kuhusu Rubafu? Ile kadi yangu uliyoniandikia?"

"Iliingia kwenye ubora."

"Nilibandika vyote vitano," alisema. Alitazama mikono yake, kidole gumba, kama vile alama za rangi nyekundu zingekuwa zimebaki. "Kwa hiyo nilijibandikia mwenyewe."

"Hapana, mama. Ni mimi. Jina lile ni mimi niliyelitoa. Na siku ile nilipokupigia simu nilikuwa nimeshajua."

Nilingoja anifokee. Ningefurahi kama angenifokea. Badala yake alisimama, akaingia chumba cha ndani, akarudi na sanduku la bati alilopewa na shirika: glovu, pamba, daftari la ziara. Akaliweka mbele yangu na funguo juu yake.

"Hesabuni msije mkasema nimebakiza," alisema. Halafu akavaa kandambili zake. "Mimi nakwenda kwa mzee. Leo ni siku yake."

Nikamfuata. Sikujua la kufanya jingine. Tulipita katikati ya vibanja, yeye mbele, mpaka nyumba ya mzee. Dawa ilikuwa imebaki kidogo kwenye chupa, ya siku mbili hivi. Mkewe alituonyesha akiinyanyua kwenye mwanga. Alituuliza muuguzi yuko wapi. Mama akamjibu kuwa anakuja, na kweli alikuja baadaye kidogo, na barua ya rufaa mkononi, akaanza kueleza habari za mjini. Mke wa mzee alikuwa mnyonge, wa umri wa mama yangu mzazi. Aliuliza atamwachia nani mgonjwa siku ya kwenda. Aliuliza kama pikipiki inaweza kupita wakati wa mvua. Kila swali lilikuwa la haki na kila jibu la muuguzi lilikuwa sahihi, na barua aliyopewa ilibaki mikononi mwa mke wa mzee, haijakunjuliwa.

Mzee alikuwa macho. Mama alimgeuza upande, nikamsaidia kushika mabega. Alikuwa mwepesi sana. Alinitazama akauliza mimi ni nani.

"Ni huyu mwandishi," mama akamwambia. "Yule wa Muleba."

"Ah," mzee akasema. "Asante."

Mama hakumsahihisha. Alikunja shuka, akaliingiza chini ya mgongo wake, akaniomba nimpe kitambaa chenye maji.

Mzee aliishi wiki saba tena. Niliambiwa na dereva wa hiace za huko. Mara mbili mkewe alifika mjini kuchukua dawa. Mara ya tatu hakufika, na siku hizo mvua ilikuwa nyingi. Mama aliendelea kwenda kila siku mpaka mwisho, akiwa na maji na kitambaa. Sikuhudhuria mazishi. Nilituma salamu za rambirambi kwa maandishi, na baada ya kuzituma nikaona aibu kwamba hata hilo nililifanya kwa maandishi.

Bado nafanya kazi pale pale. Muuguzi wa pili amepatikana, wa tatu bado. Tathmini ya nusu mwaka ilipokuja, kwenye jedwali la kipaumbele cha kwanza kulikuwa na safu ya "hali ya utekelezaji", na mkurugenzi akaniambia niandike *Inaendelea vizuri*, kwa kuwa wagonjwa wa mjini sasa wanafikiwa kila wiki. Ni kweli wanafikiwa. Nimewaona.

Wiki iliyopita alinipita mezani akasema kutakuwa na kikao kingine cha kupitia mkakati, safari hii hapa hapa mjini, na wahudumu wataalikwa. Aliniuliza kama nitaandika. Nilimwambia ndiyo. Nimepiga simu Rubafu kumwalika mama. Simu iliita mpaka ikakatika, nikapiga tena, ikapokelewa na binti yake.

"Mama yuko shambani," alisema. "Lakini amesema ukipiga wewe nikwambie hatakuja. Amesema hana hasira. Amesema tu, kule kwenu hajui kuongea."